Oda inabaki kwa broka, stopi inayofuata bei inabaki kwenye laptopu yako: mwongozo wa MetaTrader 5

Jioni moja ya masika, nikiwa nyumbani Pasua hapa Moshi, umeme ulikatika wakati nina biashara moja ya euro na dola imefunguka na iko kwenye faida. Betri ya laptopu yangu ni ya zamani, ilijikongoja kama dakika ishirini ikazima. Sikushtuka, kwa sababu nilikuwa nimeshaweka stopi inayofuata bei na simu ilikuwa na bando. Nikakaa barazani naangalia bei ikipanda kwenye simu. Baada ya muda nikaona jambo: bei inapanda, lakini namba ya `S/L`, ile bei ya stopi, haisogei. Nilidhani simu inachelewa kusoma. Nikafunga programu, nikaifungua tena, namba ikawa ile ile.

Simu ilikuwa inasoma vizuri kabisa. Mimi ndiye sikuwa najua stopi ile inafanya kazi wapi. Mwongozo huu unaeleza hilo, pamoja na namba za biashara yenyewe, ili ukikaa kuweka oda ujue kipi kinaendelea kukulinda giza likiingia na kipi kinazimika na mashine yako.

Vitu viwili vinavyofanana kwenye skrini

Oda ya mabano ni oda moja iliyobeba namba tatu: bei ya kuingia, bei ya kuchukua faida juu yake, na bei ya kutoka kwa hasara chini yake (ukiuza, juu na chini zinageuka). Naiita ya mabano kwa sababu bei inakuwa imezungushiwa mistari miwili, na mstari wowote utakaoguswa kwanza ndio unaofunga biashara. Ule mwingine unafutika wenyewe. Kwenye MetaTrader 5 namba hizi unazijaza kwenye dirisha moja la oda, na ukishabonyeza kuweka, zote tatu zinakwenda kukaa kwenye seva ya broka. Zima laptopu, poteza simu, panda basi la Dar: namba zile zipo.

Stopi inayofuata bei, ile inayoandikwa `Trailing Stop`, haiko hivyo. Yenyewe ni kazi inayofanywa na programu iliyo wazi kwenye kompyuta yako. Programu inaangalia bei, na kila bei ikisogea upande wako inamtumia broka ujumbe kwamba `S/L` ya biashara hii sasa ihamishiwe hapa. Broka anachokijua ni `S/L` ya mwisho aliyotumiwa. Kompyuta ikizimika au intaneti ikikatika, hakuna wa kutuma ujumbe unaofuata, na stopi inabaki pale ilipoachwa. Haifutiki, na hilo ni la kushukuru, lakini haifuati tena.

Yapo majukwaa mengine ambayo broka huiweka stopi ya namna hii kwenye seva yake mwenyewe. Kama hutumii MetaTrader, muulize broka wako swali hilo moja kabla ya kuweka pesa: nikizima mashine, stopi itaendelea kusogea au haitaendelea?

Anza na hasara, ndipo uhesabu loti

Akaunti ya siku ile ilikuwa na dola 500, na mimi sikubali kupoteza zaidi ya asilimia 1 kwa biashara moja, yaani dola 5. Kabla ya kufikiria loti, yaani ukubwa wa biashara, nilitafuta kwanza stopi inatakiwa kukaa wapi. Kwenye chati ya saa moja bei ilikuwa imeegemea eneo la 1.0840 mara mbili na kupanda. Chini ya eneo hilo, kwenye 1.0815, wazo langu lingekuwa limekufa. Umbali kati ya hizo mbili ni pipsi 25, pipsi moja ikiwa hatua moja ya tarakimu ya nne baada ya nukta.

Kwa euro na dola, kwenye akaunti ya dola, loti moja nzima huleta dola 10 kwa kila pipsi. Kwa hiyo hesabu ni hii:

```
loti = hasara unayokubali / (pipsi za stopi x 10)
loti = 5 / (25 x 10) = 0.02
```

Loti 0.02 ni senti 20 kwa pipsi. Pipsi 25 zikienda kinyume ni dola 5. Shabaha niliiweka kwenye 1.0890, pipsi 50 juu ya kiingilio, yaani dola 10. Wengi huanza na loti wanayoipenda kisha wanasogeza stopi karibu ili hasara ipungue. Hapo stopi inakaa mahali ambapo bei hupita kila siku ikizunguka tu, na unatolewa sokoni hata ukiwa umesoma mwelekeo sawasawa.

Kuweka oda yenyewe

Fungua chati ya EURUSD, bonyeza `F9`. Kwenye `Type` chagua `Pending Order`, kisha chagua `Buy Limit`, kwa kuwa tunataka kununua bei ikishuka hadi tunapoitaka. Weka `Volume` 0.02, `Price` 1.0840, `Stop Loss` 1.0815, `Take Profit` 1.0890. Kabla ya kubonyeza `Place`, zisome namba tatu kwa sauti: stopi chini, kiingilio katikati, shabaha juu. Ukikosea mpangilio wa stopi na shabaha programu itakataa oda. Ila ukikosea tarakimu, mfano 1.0715 badala ya 1.0815, itapokea bila neno, na hasara uliyoikubali itakuwa imezidishwa mara tano.

Oda ya kununua huingia kwa bei ya `Ask`, ile ya kununulia, na chati kwa kawaida inachora `Bid`, ile ya kuuzia. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo spredi. Ikiwa spredi ni pipsi moja, oda yako ya 1.0840 itaingia wakati chati inaonyesha 1.0839. Bonyeza `F8` uwashe mstari wa `Ask` kwenye chati, utaacha kulalamika kwamba oda haikuingia ilhali bei imegusa.

Oda inayosubiri ipe pia muda wa kufa. Kwenye `Expiration` mimi huchagua `Today` nikiwa nacheza na chati ya saa moja, kwa sababu sababu ya kununua leo saa 9 alasiri inaweza isiwepo kesho asubuhi.

Kuwasha stopi inayofuata bei

Stopi hii inawekwa kwenye biashara iliyokwisha kufunguka, kwa hiyo subiri oda iingie. Bonyeza `Ctrl+T`, nenda `Trade`, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya biashara yako, chagua `Trailing Stop`, kisha uweke umbali unaoutaka. Umbali huo unaandikwa kwa pointi, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Mdogo wangu anauza mitumba Kiborloni na jioni anafungua chati. Siku moja alinipigia akiwa amechoka kabisa.

"Kaka, nimeweka ishirini, mbona inanitoa tu? Naingia, inapanda kidogo, inanitoa na sifuri."

"Ishirini nini?"

"Si pipsi? Wewe si ulisema unaweka ishirini na tano?"

Alikuwa ameandika 20 kwenye kisanduku. Bei ya EURUSD kwa mabroka wengi ina tarakimu tano baada ya nukta, na pointi ni ile tarakimu ya tano. Pipsi moja ni pointi 10. Kwa hiyo 20 yake ilikuwa pipsi mbili. Alinunua kwenye 1.0852, bei ikafika 1.0854, programu ikahamisha stopi hadi 1.0852, bei ikapumua kidogo kurudi chini, akatoka. Soko halikuwa limemgeuka hata kidogo. Pipsi 25 zinaandikwa 250.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba programu haianzi kusogeza chochote hadi faida yako ifikie umbali ulioandika. Ukiweka 250, stopi yako ya 1.0815 inakaa palepale bei ikiwa 1.0850, ikiwa 1.0860, hadi `Bid` ifike 1.0865. Hapo ndipo inaruka kwa mara moja hadi 1.0840, bei uliyoingilia. Kuanzia hapo kila bei ikipanda, stopi inapanda nayo ikiwa pipsi 25 nyuma. Bei ikishuka, stopi haishuki. Kwa hiyo ukiona dakika arobaini zimepita na `S/L` haijasogea, angalia kwanza kama faida imefika kiwango hicho kabla hujadhani kuna hitilafu.

Na 250 imetoka wapi? Mimi sikuichagua kwa kupenda. Kwenye `Insert`, `Indicators`, `Oscillators` kuna `Average True Range`. Iweke kwa vipindi 14 kwenye chati unayoitumia. Siku ile ilikuwa inasoma 0.00120 kwenye chati ya saa moja, maana yake mshumaa mmoja wa saa ulikuwa unatembea pipsi 12 kwa wastani. Nikaweka karibu mara mbili yake. Chini ya hapo mshumaa mmoja wa kawaida, usio na habari yoyote ndani yake, unatosha kukutoa. Juu sana, tuseme mara nne, unarudisha faida karibu yote kabla stopi haijakushika. Soko likichangamka na kipimo kikapanda hadi pipsi 20, umbali wa 250 haufai tena, hata kama jana ulifanya kazi vizuri.

Kilichotokea gizani

Oda yangu iliingia 1.0840. Bei ikapanda hadi 1.0865, stopi ikahamia 1.0840, hasara ikawa imeondoka mezani. Ikafika 1.0872, stopi ikawa 1.0847. Hapo ndipo laptopu ilipozima.

Bei iliendelea hadi 1.0886, pipsi nne tu chini ya shabaha. Programu ingekuwa hai, stopi ingekuwa imefika 1.0861, faida ya pipsi 21, yaani dola 4.20. Lakini broka alikuwa na 1.0847 tu. Bei ikageuka, ikashuka hadi 1.0845, na biashara ikafungwa 1.0847 kwa pipsi 7, dola 1.40. Nilipoteza dola 2.80 ambazo zingekuwa zangu. Kwa loti 0.02 ni pesa ndogo. Kwa mwenye loti mbili ni dola 280 kwa kukatika umeme mara moja.

Angalia pia kilichofanya kazi. Stopi ya 1.0847 ilitekelezwa bila mimi kuwa na mashine, kwa sababu ilikwishafika kwa broka. Na kama bei ingepanda pipsi nne zaidi, shabaha ya 1.0890 ingefunga biashara kwa dola 10 nikiwa barazani. Ndiyo maana mimi siku hizi huweka mabano kamili kana kwamba stopi inayofuata bei haipo kabisa. Ikifanya kazi ni nyongeza. Anayeacha kuweka `Stop Loss` mwanzoni kwa kutegemea kwamba ile inayofuata itamlinda, hana ulinzi wowote kuanzia anapoingia hadi faida ifike ule umbali alioandika, na hicho ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote.

Ukibaki na simu tu

Simu inakuruhusu kubadilisha `S/L` kwa mkono. Bonyeza biashara, ifungue kwa kubadilisha, andika namba mpya, thibitisha. Jioni ile ningejua, ningeandika 1.0861 mwenyewe na kazi ikaisha. Huna haja ya kukimbizana na kila pipsi: sogeza kila mshumaa wa saa unapofungwa, uiweke umbali ule ule nyuma ya bei, na usiirudishe chini hata siku moja. Wengine wanakodi kompyuta ya mbali, ile wanayoiita VPS, wanafungua MetaTrader huko na kuiacha ikiwaka mchana na usiku. Inafaa kwa mwenye mtaji unaoweza kubeba kodi yake. Kwa akaunti ya dola 500 kodi ya kila mwezi inaweza kula zaidi ya kile stopi inachokuokolea, kwa hiyo piga hesabu yako kwanza.

Kabla hujaamini neno langu, jaribu kwenye akaunti ya demo. Nunua kwa soko, weka stopi inayofuata bei kwa umbali mdogo, hata 50, subiri isogee mara moja au mbili, kisha funga programu kwenye kompyuta na ufungue akaunti ile ile kwenye simu. Bei ikiendelea kupanda, utaona kwa macho yako namba ya `S/L` imesimama. Fungua tena kompyuta uangalie kama umbali uliouweka bado umechaguliwa kwenye menyu. Kama haupo, uweke upya. Hata namba ya biashara iliyobadilishwa utaiona kwenye `Journal`, kila stopi iliposogezwa na saa yake. Hiyo `Journal` ndiyo ya kwanza kuisoma ukihisi kitu hakikufanyika.

Saa 6 usiku na wanaouza

Ukiwa umeuza, stopi yako inaguswa na `Ask`, ile ambayo chati haikuonyeshi hadi uiwashe. Siku ya soko la fedha inafungwa saa 11 jioni ya New York. Kwetu hapa ni saa 6 usiku wakati Marekani wanatumia saa za kiangazi, kuanzia Machi hadi Novemba, na saa 7 usiku miezi iliyobaki. Wakati huo wauzaji na wanunuzi wakubwa wanapungua na spredi inapanuka.

Tuseme umeuza 1.0890 na stopi yako iko 1.0910. Unalala bei ikiwa 1.0903. Spredi iliyokuwa pipsi moja ikifunguka hadi nane, `Ask` inakuwa 1.0911, na umetolewa. Asubuhi unaangalia chati, unaona bei haikufika 1.0910 kabisa, unamshuku broka. Washa mstari wa `Ask`, uangalie mishumaa ya saa ile kwa siku kadhaa, kisha stopi ya kuuza inayolala usiku uiongezee nafasi ya spredi hiyo, na upunguze loti ili hasara ibaki ile ile. Kwa aliyenunua tatizo hili lipo kwa sura nyingine: `Bid` ndiyo inayoshuka spredi ikipanuka, lakini hiyo angalau inaonekana kwenye chati.

Stopi si bei ya uhakika

Stopi ikiguswa, inageuka kuwa oda ya kufunga biashara kwa bei yoyote iliyopo wakati huo. Siku za kawaida tofauti ni ndogo. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitetei tena kiwango cha chini cha 1.20 cha euro dhidi ya faranga yake, na bei ikaporomoka chini ya 1.00 ndani ya dakika chache. Waliokuwa na stopi hatua chache chini ya 1.20 walifungiwa mbali sana na namba walizoandika, kwa sababu katikati hapakuwa na mnunuzi. Stopi inayofuata bei isingesaidia chochote pale, wala mabano.

Kwa ukubwa mdogo zaidi, jambo hilo hilo hutokea takwimu za ajira za Marekani zinapotolewa, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa 9 na nusu alasiri kwetu au saa 10 na nusu jioni kutegemea majira yao. Hutokea pia soko linapofunguka baada ya wikendi. Mimi Ijumaa nikishakula chakula cha usiku nafungua simu, nafuta kila oda inayosubiri ambayo haijaingia, na biashara iliyo wazi naifunga nusu au yote kabla ya saa 6 usiku. Jumatatu bei inaweza kufunguka ng'ambo ya stopi yangu, na hapo namba niliyoiandika Ijumaa itatekelezwa mahali soko lilipoamkia.